Tiki ya Kijani ya Mama Pasi

Simu ya Mama Pasi haimtambui. Sisi wengine tunaweka kidole kwenye kioo inafunguka, yeye anaweka kidole, anakifuta kwenye aproni, anaweka tena, na simu inakataa. Mvuke na pasi vimempangusa alama za vidole miaka mingi iliyopita, ncha zote zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Kwa hiyo hubonyeza namba, polepole, akizitamka kwa sauti, na kila mtu kwenye chumba cha kufulia anazijua. Hakuna aliyewahi kumwibia chochote. Angeibiwa nini?

Tunafanya kazi kwenye dobi kubwa, ile inayofua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Mimi niko kwenye mashine za kukaushia, yeye yuko kwenye pasi. Alianza kazi hii tangu enzi za pasi ya mkaa, mumewe akafa akamwachia watoto watatu na pasi moja, akasema basi, pasi ndiyo mume. Wakubwa wawili ni wa kiume. Wamekua, wameoa, na kumpigia mama yao simu wanaona kama kubeba mzigo. Wa mwisho ni wa kike, tunamwita Kitinda kwa sababu mama yake anamwita hivyo. Huyo alilelewa ndani ya kapu la mashuka safi, chini ya meza ya pasi. Mama Pasi akikunja shuka, mwishoni hulipigapiga kwa kiganja, pa, pa, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Kila shuka. Nilimuuliza siku moja kwa nini, akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anapumua. Nadhani ni Kitinda aliyekuwa chini ya meza, na mkono ulizoea ukashindwa kuacha.

Kitinda aliolewa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mama na mwana walibaki wakiishi kwenye simu. Mama Pasi kusoma anasoma, lakini kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Mimi namzidi kidogo tu, na hicho kidogo nilikiokota kwenye lebo za mashuka, si darasani. Kwa hiyo wao wawili walikuwa wakitumiana ujumbe wa sauti, na stika. Walikuwa na kuku mmoja. Ni stika inayocheza, kuku mnene anayekimbia na vifaranga wake nyuma, anafika pembeni, anageuka, anarudi. Asubuhi Kitinda alituma kuku, maana yake umeamkaje mama. Mama Pasi alimrudishia kuku huyo huyo. Wakati wa chai ukimwona anacheka peke yake na kioo cha simu, jua kuku amefika.

Kazini ilikuwa tofauti, na hapa lazima nieleze, maana ndipo kisu kilipoingilia.

Dobi letu lina kundi la simu. Msimamizi wetu, mwanamke kijana mwenye sauti nyembamba na akili nzito, hutuma humo maagizo: mashuka ya wodi ya upasuaji yanakuja, yatengwe, maji yatakatika, ndoo zijazwe. Zamani kila mtu alijibu alivyotaka. Siku moja alituandikia kwamba kuna mzigo wenye damu, usichanganywe na mwingine, na mtu akajibu kwa stika ya mzee anayekata kiuno. Mwingine akaona ni mchezo, akaleta nyani. Zikafuatana stika tupu, kila moja imejaza nusu ya kioo, agizo likasukumwa juu huko lisionekane, na mzigo ukachanganywa. Tulifua upya zamu nzima.

Msimamizi hakufoka. Alituita akatuonyesha simu yake ikiwa imefungwa. Akasema ninyi mnapotuma stika, mimi huku nje naona neno tu kwamba fulani ametuma stika. Sijui kama amekubali au anacheka. Mpaka niifungue simu, na mimi nimeshika usukani wa gari la mzigo. Lakini emoji naiona hapa hapa nje, bila kufungua. Basi kuanzia leo, jibu la kazi ni tiki ya kijani, moja, imetulia, haichezi. Maana yake nimesikia, nimelibeba, usiwe na wasiwasi. Mapicha yanayorukaruka ni ya wakati wa chai.

Sheria hiyo ilimwingia Mama Pasi kuliko sote. Akaiona ni adabu. Kwake kitu kinachocheza kikawa mzaha, na kitu kilichotulia kikawa heshima. Tiki ya kijani ikawa neno zito kuliko yote aliyokuwa nayo. Alikuwa anaitoa kama mtu anavyosimama wima mbele ya mkubwa.

Sasa, Kitinda alipata ujauzito wa kwanza, na mwezi wa mwisho ukamwendea vibaya. Akalazwa. Mama Pasi alikuwa ameshaomba ruhusa ya kwenda kukaa naye, ilikuwa haijajibiwa. Asubuhi moja tukiwa katikati ya mzigo, simu yake ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Akaweka pasi wima, akabonyeza namba zake, akasoma kwa kidole. Haukuwa ujumbe wa sauti. Yalikuwa maandishi, na Kitinda huandika pale tu ambapo hataki wa kitanda cha pili wasikie. Aliandika hivi: Mama, mtoto amelala kimkingamo, daktari amesema ni upasuaji. Naogopa.

Mama Pasi alisimama. Nilimwona akisimama. Moyo wake ulikuwa umejaa hadi kooni, alinieleza baadaye, akatafuta kitu kikubwa kuliko vyote cha kumjibu mwanawe. Kuku? Asingeweza, si saa ya kuku. Akatuma tiki ya kijani. Moja. Halafu akaenda moja kwa moja kwa msimamizi kupigania ruhusa yake, na akaipata, akarudi ananiambia kwa furaha kwamba amemjibu mtoto vizuri, kwa uzito, na keshokutwa anasafiri.

Mimi nikaitikia tu, haya. Nilikuwa nashughulika na mashine, sikumuuliza amemjibu nini.

Kitinda akanyamaza. Kesho yake asubuhi kuku hakuja. Mama Pasi alipiga simu, ikaita hadi ikachoka. Akatuma ujumbe wa sauti, na ile alama ya kipaza sauti ikabaki na rangi ya kijivu, hajausikiliza. Mchana ndipo yakaja maandishi mengine, akaniletea niyasome yeye akiwa ameshayasoma, kana kwamba kwa macho yangu yangebadilika. Yalisema: Mama usijisumbue kuja. Mama mkwe atakaa na mimi. Naona una kazi nyingi.

"Nimemkosea nini, mdogo wangu?" aliniuliza. "Nimemjibu. Angalia, si nimemjibu?"

Nikapandisha mazungumzo yao juu, nikaona. Maandishi ya mtoto, naogopa. Chini yake tiki.

Niseme ukweli, nilicheka, kicheko kile kisicho na raha ndani yake. Kwa sababu kitu hicho nakijua kutoka upande wa pili. Mume wangu alipoondoka kwenda kutafuta maisha, aliahidi kwamba simu itakuwa mlango. Mtoto wetu akaugua homa, nikamwandikia, nikasahihisha herufi kwa herufi, nikamwambia mtoto anaweweseka, niko peke yangu. Akanijibu kwa dole gumba. Dole la manjano, limesimama. Hakuna neno jingine lililofuata, siku hiyo wala baadaye, na baada ya muda nikasikia kwamba ana nyumba nyingine na mke mwingine. Mtoto alipona, hilo si jambo la dole. Lakini nilikaa na lile dole mkononi, nikalitazama kulia, kushoto, nikilitafutia maana. Limemaanisha nimesikia? Limemaanisha nenda zako? Kitu kidogo kama kile ukitumiwa na mtu unayemlilia, unakijaza mwenyewe, na mtu mwenye hofu hujaza mabaya. Tangu hapo mimi situmi picha ya aina yoyote kwa mtu yeyote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa hiyo nilimwambia. Sikumzungusha.

"Dada, umemtikia mwanao kama mzigo wa mashuka."

Alikaa juu ya kapu. Alishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Akajaribu kujitetea, kwamba tiki ni nimesikia, nimelibeba, usiwe na wasiwasi. Nikamwambia hiyo ni maana ya humu ndani. Kitinda hayumo kwenye kundi letu. Hakukalishwa kufundishwa. Yeye yuko kitandani, anamwambia mama yake anaogopa kisu, na mama yake anamjibu kama karani. Aliponisikia, machozi hayakumtoka. Alianza kukunja kitambaa kilichokuwa karibu, akakikunja, akakikunjua, akakikunja.

Halafu akanyanyuka na uamuzi, kidole tayari kimeenda kwa kuku. Nikamshika mkono.

"Mtu anasubiri kupasuliwa, unamtumia kuku anayekimbia?"

"Ndiye kuku wetu."

"Ni wenu wa siku za raha. Leo atadhani unamcheka."

Msimamizi alikuja kuona kwa nini pasi imepoa. Nilitegemea maneno makali, maana na mimi nikiwa na kinyongo hupenda wakubwa wanipe sababu ya kukiongeza. Lakini aliposikia, uso wake ulibadilika, kwa sababu sheria ilikuwa yake. Akasema mama nipe simu tutafute GIF, hizo zina uzito kuliko stika, na unaweza kuiandikia maneno chini yake kabla haijaondoka. Akafungua sehemu ya kutafutia, akaandika mama. Zikaja nyingi, zote zinajirudiarudia. Mwanamke wa kizungu anamkumbatia msichana huku machozi yakimdondoka. Anafika, anakumbatia, analia, anafika tena.

Mama Pasi aliisogeza simu karibu na macho.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtu tu wa kwenye filamu, mama."

"Kitinda hamjui huyu. Ataniuliza, mama, huyu mama wa nani anayenililia?"

Tukajaribu njia nyingine. Mama Pasi akaniambia maneno niandike, nikaandika, nisamehe mwanangu sikujua, na msimamizi akaanza kuongeza vitu mwishoni, uso wenye machozi, mioyo, mikono iliyounganishwa, maua. Nikamwambia aache, imekuwa gari la harusi. Machozi na maua ukivipanga mstari mmoja, vinaulana, hakuna kinachobaki. Akafuta vyote akabakiza moyo mwekundu, akatuonyesha kwamba ukitumwa peke yake, bila maneno, unakuwa mkubwa na unadunda. Ukiwa na maneno unabaki mdogo, umetulia. Mama Pasi akautazama moyo huo kwenye simu ya msimamizi ukidunda. Akasema ni mzuri, lakini unaweza kuwa wa mtu yeyote. Hata mwenye duka humtumia mteja moyo.

Mashine zangu zilikuwa zimemaliza na zinalia, hakuna aliyezigusa. Yeye alikuwa bado na kile kitambaa, na sasa nikakiangalia. Hakikuwa cha hospitali. Alikuwa amekata shuka lake mwenyewe la pamba, lile lililofuliwa hadi likawa laini kama sikio la mtoto, akalishonea pindo kwa mkono. Vitambaa vya mjukuu. Alikuwa anavinyoosha wakati wa chai, bila kumwambia mtu. Alikikunja, nusu, robo, akakiweka mezani, akakipigapiga. Pa, pa.

"Hicho," nilisema.

Msimamizi hakuelewa, nikamweleza habari za kapu chini ya meza. Akasema hata mtu mwenyewe anaweza kutengeneza GIF, ni video tu fupi. Akasimama juu ya kiti kidogo akapiga mikono tu, uso wa Mama Pasi haumo, mvuke unapita pembeni. Mama Pasi alikunja kitambaa chote tangu mwanzo kwa uangalifu wa mtu anayepigwa picha ya pasi ya kusafiria. Lakini video ikawa ndefu, na simu haikuleta kile kitufe cha kuigeuza. Lazima iwe ya sekunde chache kabisa. Msimamizi akaikata mwanzo. Bado. Akaikata tena, kule kunyoosha kukapotea, kukunja kukapotea, Mama Pasi akilalamika kwamba anamkatia kazi yake. Mwishowe kitufe kikatokea, na kilichobaki kilikuwa kile cha mwisho tu. Kiganja kinashuka juu ya kitambaa kilichokunjwa. Pa, pa. Kinainuka, na kabla hujapumua kinashuka tena.

Sauti ikaondoka yenyewe, GIF haina sauti. Kelele zote za dobi zikafa na ukabaki mkono, unabembeleza kitu kidogo cheupe, hauchoki, hauachi. Msimamizi akajishika mdomo. Mimi niligeuka nikazima mashine zangu.

Mama Pasi aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Ataweza kuutazama pale wodini?" aliuliza.

"Hauna sauti, dada. Hata wa kitanda cha pili hatajua."

Chini yake aliniambia niandike nipo, nakuja. Nikaandika. Alitaka kuongeza tiki, nikamtazama, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaurudisha mkono nyuma. Akabonyeza mwenyewe kutuma, kwa kile kidole kisicho na alama.

Msimamizi alitutahadharisha kwamba kama Kitinda anabana bando, picha haitafunguka yenyewe, ataona kama ukungu, ni mpaka aiguse. Kwa hiyo hatungejua kama amechelewa au amekataa. Mama Pasi alirudi kwenye pasi. Simu akaisimamisha kwenye ukingo wa meza, ikiegemea kopo la maji. Alinyoosha mashuka ya wodi nzima, na kila alipopiga kiganja aliitupia simu jicho. Nilijisemea moyoni kwamba nimempa mwenzangu matumaini ambayo mimi mwenyewe sina tena, na kama mtoto hatajibu, basi nimemwongezea jeraha. Nilijua kungoja kulivyo. Mimi nililingojea neno moja mpaka nikaacha.

Simu ikawaka. Kwenye kioo kilichofungwa yalionekana maneno tu, kwamba Kitinda ametuma stika. Stika gani, hakuna anayejua, ndivyo msimamizi alivyotufundisha. Mama Pasi akaweka kidole, simu ikamkataa. Akaweka tena. Akaanza kubonyeza namba, akakosea, nikamtajia mimi zote kwa sauti kama mtu anayemsomea shahada.

Kuku. Mnene, na vifaranga nyuma yake, anakimbia, anageuka, anarudi.

Chini yake maandishi yakafuata, na hayo aliyasoma mwenyewe, kidole kikipita juu ya kila neno, kwa sauti, mbele yetu.

"Mama njoo. Nimemwambia mama mkwe asubiri. Njoo na hicho kitambaa."

Hakusubiri siku ya ruhusa yake. Aliondoka na basi la jioni hiyo hiyo, aproni akaisahau kiunoni, msimamizi akamkimbilia hadi kituoni kumvua.

Tukakaa bila yeye. Mashuka yalikunjwa na mtu mwingine, vizuri tu, ila hayakupigwapigwa, na mimi niliyakuta kwenye rafu yamelala kama vitu visivyo na mwenyewe. Kisha asubuhi moja, katikati ya kazi, msimamizi akiwa ametoka kutuma agizo la mzigo wa upasuaji, na tiki zetu zikiwa zimejipanga chini yake kwa adabu, kuku akaingia kwenye kundi. Akajaza nusu ya kioo. Akakimbia, akageuka, akarudi, juu ya agizo, juu ya sheria, saa ya kazi.

Chumba kizima kilisimama, tukasubiri msimamizi atasema nini. Halafu akajibu. Tiki ya kijani, moja, imetulia.

Tulicheka hadi mwenye kupanga makapu akakaa chini. Picha ya mtoto ilikuja baadaye, wa kike, amefungwa kitambaa cheupe, pamoja na habari kwamba mshono wa mama yake unapona.

Na mimi nilikuwa na simu mkononi. Wengine wote walishampongeza, maua, makofi, mioyo inayodunda. Lile dole la mume wangu bado ninalo humo humo, sijalifuta, na nisidanganye kwamba siku hiyo nililisamehe. Mama Pasi alituma kitu kidogo akiwa amebeba kikubwa. Yule alituma kidogo kwa sababu kidogo ndicho alichokuwa nacho. Vinafanana kwenye kioo tu.

Nilitafuta cha kumtumia. Tiki ni ya kazi. Za kwenye filamu, zile za wazungu wanaorusha mikono, Mama Pasi angeniuliza huyu ni nani. Nikaandika hongera dada, nikaifuta, ilikuwa baridi. Mwisho nikamgusa yule kuku wake ili nimtazame vizuri, nikamhifadhi, nikafungua mazungumzo yetu sisi wawili, ambayo hayakuwa na picha hata moja tangu yaanze. Nilikusudia kumwangalia tu kwanza, nifikirie. Lakini stika haiulizi mara mbili kama GIF, haikupi nafasi ya kujirudi. Ukigusa, imeenda. Kuku wangu akakimbia na vifaranga wake kuelekea huko aliko, na mimi nikabaki natazama kioo, nikingoja, kama mtu mwingine yeyote.